Moyo wa sikukuu: yanayotokea baada ya glasi ya mwisho

Jumapili saa nne asubuhi, nyumba bado ina harufu ya pilau la jana. Mwenye nyumba amejilaza kwenye kochi, hana homa, hajatapika, kichwa kinamgonga kidogo tu kama alivyotarajia. Mara anahisi kifuani kitu kinachocheza. Si kasi peke yake, maana kasi ya moyo anaijua tangu enzi za mpira wa mtaani. Hiki kinaruka, kinanyamaza, kinapiga mara tatu kwa pupa, kinanyamaza tena, kama samaki aliyetupwa kwenye sakafu ya mtumbwi. Anakunywa maji. Anakaa. Anatembea hadi barazani na kurudi. Kifua hakitulii.

Tumwite Fundi. Ni mtu wa mfano, nimemtunga ili twende naye hatua kwa hatua, lakini hakuna linalompata hapa ambalo daktari wa moyo atalishangaa. Ana miaka 44, ni fundi umeme, havuti sigara. Mwaka jana aliambiwa presha inaanza kupanda, akaandikiwa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Jana ilikuwa sendofu ya binti wa kaka yake. Alikaa mezani saa mbili usiku, akainuka saa nane usiku. Hapo katikati alikunywa bia sita za nusu lita, na chupa ndogo ya konyagi ya mililita 200 ambayo anasisitiza kwamba waligawana, ingawa mwenzake alionja tu.

Kabla hatujafika kifuani, tuhesabu kilichoingia tumboni, kwa sababu hesabu hii ndiyo watu huikwepa. Bia yenye kilevi cha asilimia 5, nusu lita, ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Mililita moja ya kilevi ina uzito wa karibu gramu 0.8, kwa hiyo kila chupa ni gramu 20. Chupa sita ni gramu 120. Konyagi ni asilimia 35, hivyo mililita 200 zina kilevi mililita 70, yaani gramu 55 na ushei. Jumla ni kama gramu 175 kwa usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani huita unywaji wa kupindukia pale mtu anapofikisha gramu 60 au zaidi kwa mkao mmoja. Fundi alivuka mstari huo kabla keki haijakatwa.

Sasa upande wa kutoka. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi za kilevi kwa saa, na halisikii kahawa, halisikii supu, halisikii maji ya baridi kichwani. Kwa gramu 10 kwa saa, gramu 175 zinahitaji zaidi ya saa 17. Ukianza kuhesabu saa mbili usiku ya Jumamosi, kilevi kitakwisha mwilini Jumapili saa saba unusu mchana, na kama ini lake ni la mwendo wa pole, saa tatu usiku. Watu wengi hudhani sherehe imekwisha muziki ulipozimwa. Moyo bado uko ukumbini.

Kilichompata Fundi kina jina la kitabibu tangu 1978. Mwaka huo Philip Ettinger na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi New Jersey huko Marekani, waliandika juu ya wagonjwa 24 waliokuwa wameletwa hospitalini, jumla mara 32, kwa sababu ya moyo kupoteza mdundo. Walikuwa wanywaji wakubwa, lakini hawakuwa na dalili za wazi za ugonjwa wa moyo. Madaktari wakaona kwamba hawaji ovyo ovyo mwaka mzima: walikuja baada ya wikiendi, na walijazana kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Wakauita ugonjwa huo moyo wa sikukuu. Jina ni tamu kuliko ugonjwa wenyewe, na nadhani utamu huo umefanya wengi waudharau.

Ili kuuelewa, fikiria moyo kama nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia kuna kijisehemu kinachotoa cheche ya umeme, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Cheche hiyo husambaa vyumba vya juu, vikaminya damu kuishusha chini, kisha hupita kwenye lango dogo lililo katikati na kuviamuru vyumba vya chini navyo viminye. Juu, kisha chini, juu, kisha chini. Kila seli ikishapigwa na cheche hupumzika kwa kitambo kidogo na haiitikii cheche nyingine mpaka mapumziko yake yaishe. Mapumziko hayo ndiyo ulinzi wa mdundo. Bila hayo, umeme ungekuwa unazunguka humo ndani bila mwisho.

Pombe hufupisha mapumziko hayo katika vyumba vya juu. Hapo hapo inavuruga mishipa ya fahamu inayoendesha moyo: ile ya kuongeza kasi inachochewa mtu anapokunywa na kilevi kinapomtoka, na ile ya kupunguza kasi inashika usukani anapolala fofofo. Moyo unavutwa huku na huku usiku kucha. Ongeza safari za chooni. Pombe hukandamiza homoni inayozuia mkojo, na mkojo huo hutoka na potasiamu na magnesiamu, madini ambayo seli za moyo huyategemea ili zitulie baada ya kila pigo. Kwa walio na kawaida ya kukoroma hadi pumzi inakatika usingizini, pombe hulegeza koo zaidi, hewa hukatika mara nyingi zaidi, na vyumba vya juu vikavutwa na kunyooshwa kila mara mtu anapopambana kuvuta pumzi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake kwa mtu mwenye moyo mzima. Vikikutana usiku mmoja, cheche moja iliyotokea mahali si pake hukuta njia wazi na kuanza kuzunguka.

Hapo vyumba vya juu huacha kuminya. Vinapapatika, zaidi ya mara 300 kwa dakika, kama bawa la kuku aliyechinjwa. Lango la katikati linajitahidi kuzuia, linapitisha cheche chache tu, lakini linazipitisha bila mpangilio. Kwa hiyo vyumba vya chini navyo hupiga 120, 140, 150 kwa dakika, na nafasi kati ya pigo na pigo haifanani hata mara mbili mfululizo. Huo ndio mpapatiko wa vyumba vya juu, na ndio aina ya mdundo mbaya inayoonekana zaidi baada ya kunywa sana.

Mke wa Fundi ni mtu wa vitendo. Alimkalisha, akamshika kiganja, akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba, akatazama saa ya ukutani. Dakika nzima, si robo dakika kisha kuzidisha kwa nne, maana mdundo usio na mpangilio hukudanganya ukiuhesabu kwa haraka. Akapata 112, na akasema neno ambalo madaktari hulipenda sana: "Baba, hayafuatani." Kisha akaweka sikio kifuani akahesabu upya. Akapata 138. Tofauti hiyo haikuwa kosa lake. Moyo ukipiga kabla haujajaa, pigo hilo husukuma damu kidogo mno, haifiki kwenye kiganja. Kifuani linasikika, mkononi halipo. Ukikuta mapigo yasiyofuatana, na ya kifuani ni mengi kuliko ya mkononi, umeshajua karibu nusu ya jibu ukiwa nyumbani.

Jambo jingine alilofanya vyema ni kuandika saa. Saa nne asubuhi. Kwa nini saa ni muhimu kiasi hicho nitafika.

Yapo mambo mawili ambayo mtu asiyachanganye. Moyo kwenda mbio baada ya pombe ni jambo la kawaida, na mbio zenye mdundo sawa si mpapatiko. Mwaka 2015 madaktari wa Munich, Ujerumani, waliingia kwenye mahema ya Oktoberfest, sherehe kubwa ya bia ya mji wao, wakiwa na vipimo vya umeme wa moyo vinavyounganishwa na simu. Waliwapima wanywaji zaidi ya 3,000 pale pale mezani. Karibu theluthi moja walikuwa na mdundo usio wa kawaida, lakini wengi wa hao, robo ya watu wote, walikuwa na kasi tu, moyo unaokimbia kwa mpangilio wake. Na kadiri kilevi kilivyozidi kwenye pumzi ya mtu ndivyo mbio zilivyozidi.

Lakini kumpima mtu mezani ni kumpima katikati ya safari. Timu hiyo ilirudi na utafiti wa pili uliochapishwa 2024: vijana 202 waliokuwa wanakwenda kwenye tafrija zao wenyewe walivaa kipimo cha moyo kwa saa 48, wakafuatwa tangu glasi ya kwanza hadi walipoamka na kurudi katika hali yao. Walipokuwa wanakunywa, mioyo ilikimbia. Mivurugiko ya mdundo yenye uzito wa kitabibu ilipatikana kwa asilimia 5 hivi ya vijana hao waliokuwa na afya njema, na ilitokea hasa baadaye, wakati mwili unajirekebisha. Fundi aliangukia dirisha hilo hilo: saa nane baada ya glasi ya mwisho.

Kwa mtu ambaye tayari ana historia ya mpapatiko, dirisha ni jembamba zaidi na glasi ni chache zaidi. Watafiti wa San Francisco waliwafunga watu 100 wa namna hiyo kifaa kifundoni kinachonusa kilevi kupitia jasho, pamoja na kipimo cha moyo kifuani, kwa karibu wiki nne. Matokeo yalitoka 2021. Kinywaji kimoja kiliongeza uwezekano wa mpapatiko mara mbili ndani ya saa nne zilizofuata. Viwili au zaidi, zaidi ya mara tatu. Vinywaji vilirekodiwa papo hapo na kuhakikiwa kwa jasho, wala mtu hakuulizwa baadaye anakumbuka alikunywa nini. Kwa hiyo wale wanaoniambia kila mara kwamba divai nyekundu ni dawa ya moyo, nawaomba watuambie wanazungumzia moyo upi.

Tumrudie Fundi, na safari hii tuangalie presha, kwa sababu hapo ndipo alipojidanganya kwa muda mrefu kuliko kwenye mdundo.

Fundi ana mashine ya presha nyumbani. Anaipenda. Ijumaa moja, akiwa na bia tatu tumboni, alijipima mbele ya marafiki saa tatu usiku, ikasoma 122 juu ya 76. Akaipiga picha. Tangu siku hiyo hoja yake ikawa moja: mimi pombe inanishusha presha, vidonge ndivyo vinaniumiza. Na hakusema uongo. Mashine ilisoma kweli.

Kilevi kikiingia kwenye damu hulegeza mishipa. Ngozi inapata joto, uso unang'aa, presha inashuka. Mapitio ya majaribio mengi yaliyotolewa 2020 yalionyesha kwamba mtu akinywa zaidi ya gramu 30 kwa mkupuo, presha ya juu hushuka kwa wastani wa milimita 3.5 hivi katika saa sita za kwanza, na hali ya kushuka inaweza kufika saa 12. Kisha baada ya saa 13, inapanda juu ya pale ilipokuwa kabla hajanywa, kwa kiasi kama hicho hicho. Moyo wenyewe unaendelea kwenda kasi kuliko kawaida hadi saa 24. Kwa hiyo ukipima saa tatu usiku utapata jibu moja, na ukipima kesho yake saa tano asubuhi utapata jingine, na majibu yote mawili ni ya kweli kwa saa zake. Fundi alichagua saa iliyompendeza.

Kinachofanya presha ipande ni mwili kujibu. Mishipa iliyolegezwa inabanwa kwa nguvu na homoni za mhaho, figo zinatoa vichochezi vya kushika chumvi na maji, na vihisi vilivyo shingoni, ambavyo kazi yake ni kuuambia ubongo "punguza, damu inasukumwa sana", vinakuwa vizito wa kusikia. Mtu anayekunywa mara moja kwa mwezi hupita kipindi hicho na kurudi chini. Anayekunywa kila jioni haruhusu mwili urudi. Kila siku saa za kupanda za jana zinakutana na glasi ya leo, na mwili unajifunza kuishi juu.

Hili si jipya. Mwaka 1915, katikati ya vita, daktari Mfaransa Camille Lian aliwapima wanajeshi wa nchi yake, akaona kwamba presha ya kupanda ilikuwa nyingi zaidi kwa waliokunywa lita mbili na nusu za divai au zaidi kwa siku. Wenzake hawakulichukua jambo hilo kwa uzito. Ilipita zaidi ya miaka 60 mpaka 1977, Arthur Klatsky na wenzake wa California walipochambua rekodi za watu zaidi ya 80,000 na kukuta kitu kile kile. Mwaka 2023 ukatoka uchambuzi uliounganisha tafiti saba za Marekani, Korea na Japani, zenye watu zaidi ya 19,000 waliofuatiliwa kwa miaka. Waliokunywa kama gramu 12 kwa siku, ambazo ni pungufu ya bia yetu moja kubwa, walikuwa na presha ya juu iliyozidi ya wasiokunywa kwa milimita 1.25. Waliokunywa gramu 48 kwa siku, zaidi kidogo ya bia mbili kubwa, ilizidi kwa karibu 5.

Najua milimita tano hazimtishi mtu. Lakini dawa moja ya presha kwa kipimo chake cha kawaida huishusha presha ya juu kwa kiasi cha milimita 8 au 10 hivi. Anayekunywa bia mbili kubwa kila jioni anakula nusu ya kidonge chake kabla hakijafanya kazi. Tena huyo ni yule anayekimeza.

Kwa maana Fundi, kama wengi, alikuwa na kanuni yake: siku ya pombe hamezi dawa, asije akazichanganya. Mtaani kanuni hii inaheshimika kama sheria. Kwa baadhi ya dawa, hasa za maambukizi, watu wamezoea kuambiwa wasinywe pombe, wakaihamishia kwenye presha. Matokeo yake ni kwamba usiku anaokunywa anakosa kidonge, na asubuhi presha inapopanda kwa sababu ya pombe, dawa imepungua mwilini. Milima miwili inapandiana. Kama mtu ameshakunywa, swali la kumwuliza daktari au mfamasia ni dawa yake ipi hasa inaweza kumwangusha kwa kizunguzungu ikikutana na kilevi, na aimeze saa ngapi. Kuiacha tu kwa kujiamulia si jibu.

Na kuna supu na bia moja ya kuzimua. Inafanya kazi, na ndiyo maana haifi. Asubuhi kilevi kinashuka, mishipa inabana, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Ukiongeza bia moja, saa inarudishwa nyuma: mishipa inalegea, presha inashuka, mtetemeko unatulia. Kisha yote yanakuja tena jioni, yakiwa na gramu 20 za ziada.

Hospitalini Fundi alifika saa sita mchana. Walimpima presha mara tatu, kwa sababu mapigo yasipofuatana, mashine ya kujipima yenyewe hutoa namba zinazorukaruka. Wastani ulikuwa 158 juu ya 96. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kile ambacho mke wake alikuwa amekishika kwa vidole: mawimbi madogo ya vyumba vya juu hayapo, mahali pake kuna mstari unaotetema, na mapigo makubwa yametawanyika bila mpango. Potasiamu yake ilikuwa chini kidogo. Walichukua pia damu ya kupima tezi ya shingo, na baadaye wakamfanyia eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Watu huuliza kwa nini vipimo vyote hivyo wakati sababu inajulikana. Sababu haijulikani mpaka nyingine zitolewe. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta mpapatiko ule ule. Na Afrika Mashariki tuna jambo ambalo madaktari wa New Jersey hawakuliona sana: vijana ambao vali za moyo ziliharibika kutokana na koo lililouma utotoni likaachwa bila dawa, homa ya baridi yabisi ikafuata. Kwao pombe inaweza kuwa kibiriti tu, kuni zilishapangwa miaka 20 iliyopita. Ukimwambia kijana wa namna hiyo "ni pombe, kapumzike", umemkosesha matibabu.

Hapa ndipo saa ile iliyoandikwa inaingia. Vyumba vya juu visipominya, damu hutuama, hasa kwenye kijifuko kilicho pembeni ya chumba cha juu cha kushoto. Damu iliyotuama huganda. Bonge likiondoka humo, njia yake fupi ni kwenda juu, kwenye ubongo. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa 1991, ulikuta kwamba watu wenye mpapatiko hupata kiharusi mara tano zaidi ya wasio nao. Madaktari wanapotaka kurudisha mdundo kwa dawa au kwa mshtuko wa umeme, swali la kwanza ni ulianza lini. Zikiwa zimepita chini ya saa 48, na saa ya kuanza inajulikana kwa uhakika, kwa kawaida wanaweza kuendelea. Zikipita, au mgonjwa asipojua, mara nyingi hulazimika kwanza kumpa dawa za kuzuia damu kuganda kwa wiki kadhaa, au kumchunguza kwa kipimo maalumu kuhakikisha hakuna bonge, kwa sababu mdundo ukirudi ghafla unaweza kulisukuma bonge lililokwishatokea. Aliyelala na moyo wake tangu Jumamosi usiku akaenda Jumatano amejifungia mlango uliokuwa wazi.

Fundi alipewa metoprololi ya kupunguza kasi, akaongezewa potasiamu, akawekwa chini ya uangalizi. Saa tano usiku mdundo ulirudi wenyewe, akiwa anatazama taarifa ya habari ya mpira. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi wa moyo wa sikukuu, mpapatiko hujiondokea ndani ya siku moja. Na kwa bahati mbaya, huo ndio mwanzo wa dharau. Anayepata nafuu bila dawa kubwa huhesabu kwamba halikuwa jambo. Lakini kila kipindi cha mpapatiko hurahisisha kinachofuata, na unywaji wa miaka huvitanua vyumba vya juu na kuvitia makovu, mpaka siku moja mdundo hausubiri sherehe.

Habari njema ni kwamba njia hiyo hupungua kasi mtu akiacha. Huko Australia, wagonjwa 140 wenye mpapatiko waliokuwa wakinywa vinywaji 10 au zaidi kwa wiki waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja likaacha, lingine likaendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa 2020. Katika miezi sita, mpapatiko ulirudi kwa asilimia 73 ya walioendelea na asilimia 53 ya walioacha. Si muujiza, zaidi ya nusu ya walioacha bado ulirudi. Lakini hiyo ni tofauti ambayo dawa ghali ingejivunia. Kwa upande wa presha mavuno huja haraka zaidi: uchambuzi wa majaribio 36 uliotolewa 2017 ulikuta kwamba waliokuwa wakinywa zaidi ya vinywaji sita kwa siku, walipopunguza kwa nusu, presha yao ya juu ilishuka kwa milimita 5.5 hivi. Waliokuwa wakinywa viwili au pungufu hawakuona mabadiliko makubwa, na nadhani ni haki kulisema hilo pia.

Onyo moja haliwezi kuachwa. Anayekunywa sana kila siku, yule ambaye asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate kidogo, asikate kwa siku moja akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea kilevi ukinyimwa ghafla hulipuka: jasho, presha juu, moyo mbio, na kwa wengine kuanguka kama mwenye kifafa ndani ya siku mbili za kwanza. Huyo aende kituo cha afya aseme ukweli, apunguziwe kwa dawa na uangalizi.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri kuhesabu mapigo wala kuandika saa kwa hati nzuri. Maumivu ya kifua, kuzimia, pumzi kukatika ukiwa umekaa, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kukwama. Hapo ni gari na hospitali.

Fundi aliacha kwa wiki sita, ambazo anadai zilikuwa na sherehe nne. Alirudi kwenye kidonge chake kila siku, akajipima asubuhi, amekaa dakika tano, mkono mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu. Presha ikatulia kwenye 130 na kitu juu ya 80 na kitu. Picha ya ile 122 juu ya 76 bado iko kwenye simu yake. Amejifunza kuandika pembeni yake saa iliyopigwa.

Nawe msomaji, ukienda kupimwa presha wiki hii, mwambie muuguzi ulikunywa lini mara ya mwisho na kiasi gani. Asipouliza, mwambie tu.